Zawadi na Hamu ya Kusoma: Maswali Ambayo Wazazi na Walimu Huniuliza Mara kwa Mara

Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, wazazi wananijia na swali moja lenye sura nyingi: nimpe nini mtoto ili asome? Swali hilo huwa naliweza. Linalonisumbua ni lile wanalorudi nalo muhula unaofuata: nilikuwa nampa, nikaacha, na sasa hasomi hata kidogo, kumetokea nini? Ukurasa huu unahusu hasa hilo la pili.

Motisha ya ndani ni ipi, na ya nje ni ipi?

Ukimkuta mtoto amekaa chini ya mwembe na kitabu cha hadithi, na hakuna aliyemtuma, basi kusoma kwenyewe ndiko kunakompa raha. Hiyo ni motisha ya ndani. Mtoto huyo huyo akisoma ili apate shilingi 500, au ili asigombezwe, au ili jina lake litajwe paredi, anachokitafuta kiko nje ya kitabu, na kitabu kimekuwa njia tu ya kukifikia. Hiyo ni motisha ya nje.

Mtaani neno "motisha" limeshakuwa jina la pesa. Mtu akisema walimu wapewe motisha, hakuna anayefikiria raha ya kufundisha. Labda ndiyo maana tunaona ugumu kuamini kwamba kuna motisha ambayo haitoki mfukoni mwa mtu mwingine.

Motisha ya nje si dhambi. Mimi napokea mshahara, na usipokuja sitakuja. Jambo la kujiuliza ni dogo zaidi: mtoto ambaye tayari anapenda kusoma, ukimwekea na malipo juu yake, je, hamu yake inaongezeka? Hesabu ya dukani ingesema moja na moja ni mbili. Kwa watoto haiendi hivyo kila mara.

Lakini mimi nikiongezewa malipo nafanya kazi zaidi. Iweje zawadi ipunguze hamu?

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na kosa liko katika wakati tunaoutazama. Zawadi ikiwa bado inatolewa, kazi huongezeka kweli. Mwahidi mtoto chapati kwa kila ukurasa, na kurasa zitasomwa. Hakuna mtafiti anayebisha hilo.

Kinachopungua hakionekani mpaka zawadi ikome. Siku hakuna chapati, mtoto anarudi kwenye kiwango gani: kile alichokuwa nacho kabla hujaanza kumlipa, au cha chini zaidi? Akirudi pale pale, zawadi haikudhuru. Akishuka chini ya pale alipoanzia, umemlipa ili apunguze kusoma. Basi anayetaka kujua ukweli lazima atazame mara mbili, kabla ya zawadi na baada ya zawadi kwisha, na atazame wakati mtoto yuko huru kuchagua afanye nini.

Nani amewahi kuthibitisha jambo hili?

Jaribio linalotajwa zaidi lilichapishwa mwaka 1973 na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Lilifanyika katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na watoto walikuwa wa miaka 3 hadi 5. Nalieleza kwa urefu kwa sababu uzuri wake uko katika namna lilivyopangwa.

Kwanza hawakumpa mtoto yeyote kitu. Waliweka mezani kalamu za rangi zenye ncha nene, ambazo hazikuwapo darasani siku za kawaida, wakati watoto wako huru kucheza na chochote. Wakatazama kwa kujificha ni nani anayezikimbilia. Watoto waliozipenda ndio waliochaguliwa. Ona hapo: walianza na watoto ambao tayari wana hamu.

Kisha kila mtoto akaitwa peke yake katika chumba kingine achore kwa dakika 6. Watoto walikuwa wamegawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilionyeshwa cheti kizuri, chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu, likaambiwa: ukichora, utapata hiki. Kundi la pili halikuambiwa chochote, ila likimaliza kuchora lilipewa cheti kile kile, kwa kushtukizwa. Kundi la tatu halikuahidiwa wala halikupewa.

Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu zikarudishwa darasani wakati wa kucheza. Hakuna cheti, hakuna ahadi, kila mtoto na lake. Watafiti wakapima ni sehemu gani ya muda wake mtoto anaitumia kuchora. Walioshtukizwa na cheti walitumia karibu asilimia 18 ya muda wao. Wasiopewa kitu walitumia karibu asilimia 17. Walioahidiwa cheti na kukipata walitumia asilimia 8.6, yaani karibu nusu tu ya wenzao.

Michoro nayo ilipelekwa kwa watu wasiojua nani alitoka kundi gani, wakaipa alama za ubora. Michoro ya walioahidiwa ndiyo iliyopata alama za chini. Kwa hiyo ahadi ilianza kuharibu kazi siku ile ile, cheti kikiwa bado kiko mkononi mwa mtafiti.

Kundi la kwanza na la pili walipata cheti kile kile. Mbona matokeo ni tofauti?

Hili ndilo swali bora kuliko yote katika ukurasa huu, na ni wachache wanaoliuliza. Cheti hakikuwa na kosa lolote. Kilicholeta tofauti ni sentensi iliyotangulia: "ukifanya hivi, utapata hiki." Mtoto aliyechora kwanza na kupewa baadaye alikuwa amekwisha kuchora kwa raha yake, na cheti hakikuweza kurudi nyuma kuibadili sababu. Mtoto aliyeahidiwa aliishika kalamu huku sababu ya kuishika ameshapewa na mtu mwingine.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wasiogope zawadi. Waogope sharti. Baba aliyefika kutoka Kampala na kitabu kipya kwa sababu tu alikiona akamkumbuka mwanawe hajadhuru chochote.

Kichwani mwa mtoto kunatokea nini?

Kuna maelezo mawili, nami nadhani yote mawili yana ukweli.

La kwanza linasema kwamba hata sisi wenyewe mara nyingi hatujui kwa nini tunafanya jambo. Tunajitazama tukifanya, kisha tunatafuta sababu. Mtoto anayesoma bila malipo anajiona anasoma, haoni kitu kingine cha kuelezea, anahitimisha: napenda kusoma. Ukiweka shilingi 500 kando ya kitabu, sababu zimekuwa mbili, na ya pesa ndiyo inayoonekana waziwazi. Anahitimisha: nasoma kwa sababu ya pesa. Pesa ikiondoka, sababu imeondoka nayo.

La pili ni la Edward Deci na Richard Ryan, waliolifanyia kazi kwa miongo mingi. Wao wanasema mtu anahitaji kujiona kwamba anachagua mwenyewe, na kwamba anaweza. Zawadi yoyote inabeba ujumbe wa aina mbili kwa pamoja. Ujumbe mmoja ni "umeweza", na huo unajenga. Mwingine ni "nakuendesha mimi", na huo unabomoa. Ni upi utakaosikika kwa sauti zaidi hutegemea zawadi ilivyotolewa. Zawadi ya kushikika iliyofungwa kwenye sharti kwa kawaida husema "nakuendesha". Mtoto wa miaka tisa hawezi kukueleza hivyo kwa maneno, lakini analihisi, kama ng'ombe anavyojua kamba ni ndefu kiasi gani.

Je, ni kwa watoto wadogo tu?

Hapana, ingawa watoto huathirika zaidi. Mwaka 1971 Deci alichapisha jaribio la wanafunzi 24 wa chuo kikuu. Aliwapa fumbo la vipande saba vya kupanga hadi vitoe umbo fulani. (Fumbo lenyewe linaitwa Soma. Lisikuchanganye, halihusiani na kusoma.) Kila mwanafunzi alikuja mara tatu. Nusu yao, mara ya pili tu, walilipwa dola 1 kwa kila umbo walilolitoa. Nusu nyingine hawakulipwa kamwe.

Katikati ya kila kipindi Deci alitoka chumbani kwa dakika 8 akisingizia shughuli, akaacha na magazeti mezani. Alichokuwa akipima ni nani anaendelea na fumbo wakati hakuna anayemwona. Waliolipwa walianza na wastani wa sekunde kama 248, wakapanda siku ya malipo, kisha siku ya tatu wakashuka hadi kama 198. Wasiolipwa walitoka 214 na kumaliza na 242 hivi. Kwa watu wachache hivyo, tofauti hiyo peke yake isingetosha kumshawishi mtu mkaidi. Ila yalifuata majaribio mengine mengi, na mwaka 1999 Deci, Koestner na Ryan waliyakusanya 128 na kuyachambua kwa pamoja. Zawadi za kushikika zilizotarajiwa zilipunguza hamu. Zisizotarajiwa hazikupunguza. Sifa za maneno ziliiongeza.

Tupe mfano wa shule zetu, si wa Marekani.

Haya. Mtoto huyu nimemtunga, lakini kila mwalimu aliyewahi kusimamia kona ya vitabu atamtambua. Tumwite Asha, yuko P.4. Nyumbani wanaongea Lusamia, sokoni anasikia Kiswahili kila siku kwa madereva wa malori na wauza nguo wanaovuka mpaka. Darasani kwao kuna sanduku la vitabu 40 vya hadithi vya Kiswahili. Vingi ni vyembamba, vya kurasa 8 au 12. Vichache vina kurasa 30 na zaidi. Baada ya uji wa mchana watoto wana nusu saa huru: anayetaka anachukua kitabu, anayetaka anaruka kamba.

Wiki tatu za kwanza Asha anachukua vitabu viwili kwa wiki. Kimoja kina fisi mlafi, amekisoma mara tatu. Kipo kingine kinene alichokianza akakiacha, kwa sababu hakikumpendeza. Siku moja anampotezea rafiki yake muda wote wa kusoma akimsimulia namna fisi alivyonaswa. Mwalimu akiandika kwenye daftari lake, Asha anaonekana mtoto wa kawaida tu: vitabu viwili.

Mwalimu mkuu anapata wazo zuri. Paredi inatangaziwa kwamba kila atakayesoma vitabu vitano atapewa kalamu mpya. Ukutani inabandikwa karatasi yenye majina na nyota. Wiki ile ile Asha anasoma vitabu sita.

Sasa tazama ni vitabu gani. Vyote ni vya kurasa 8. Kile cha fisi hakigusi tena, maana kukirudia hakuleti nyota. Vinene havigusi, maana kimoja kinene kinahesabika sawa na kimoja chembamba. Kumsimulia rafiki kumekwisha, kwani dakika hizo zingetosha kitabu kingine. Ukimuuliza kitabu cha nne kilihusu nini, anakutajia jina la kwenye jalada. Hajawa mvivu wala mdanganyifu. Amesoma sharti kwa makini kuliko aliyeliandika: sharti linahesabu vitabu vilivyomalizwa, naye anamaliza vitabu.

Na mambo yaliyokufa hapo ndiyo yanayomfanya mtu awe msomaji. Kurudia hadithi unayoipenda ndiko kunakokufanya usome bila kukwama kwa kila neno. Kuacha kitabu kisichokupendeza ni haki ya kila msomaji. Kusimulia ndiko kunakoonyesha umeelewa. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye nyota.

Katikati ya muhula kalamu zinakwisha na shule haina fedha ya kununua nyingine. Karatasi ya nyota inabaki ukutani. Baada ya uji Asha anakwenda kuruka kamba. Wiki ya kwanza hivyo, wiki ya pili hivyo. Sanduku liko pale pale na fisi yumo ndani. Katika kikao cha walimu mmoja anasema, "Watoto wa siku hizi bila kitu hawafanyi." Daftari la wiki tatu za mwanzo, lenye vitabu viwili kwa wiki bila kalamu wala nyota, hakuna anayelifungua.

Nitajuaje kama zawadi zangu zimeanza kudhuru?

Sikiliza maswali ya mtoto. Alipokuwa akiuliza "kwa nini fisi hakukimbia?" na sasa anauliza "hiki kinahesabiwa?", tayari umepata jibu. Dalili nyingine ni kuchagua kilicho chepesi kila mara, kuacha kazi pale pale idadi inapotimia hata kama hadithi iko katikati, na kuficha kosa badala ya kulionyesha.

Ukitaka kipimo chenyewe, fanya kama Deci. Mwache mtoto dakika 15 chumbani penye vitabu na vitu vingine anavyovipenda. Usimwambie lolote, jishughulishe na yako. Andika muda anaoshika kitabu. Fanya hivyo siku tatu au nne kabla hujatangaza zawadi yoyote, na tena wiki mbili baada ya kuikomesha. Siku moja haitoshi, kwa sababu siku moja mtoto anaweza kuwa na homa, au umeme umerudi na televisheni kwa jirani imewaka. Wengi hawapimi ile ya kwanza, kisha wanabaki kubishana juu ya ile ya pili.

Kwa hiyo tusitoe zawadi kabisa?

Sijasema hivyo, na tafiti hazisemi hivyo. Zawadi inaweza kuondoa hamu iliyopo tu. Kama hamu haipo, hakuna cha kuondoa. Judy Cameron na David Pierce, waliobishana na kina Deci kwa miaka mingi, walionyesha mwaka 2001 wakiwa na Katherine Banko kwamba kwa kazi isiyovutia tangu mwanzo zawadi huongeza bidii. Hapo nakubaliana nao kabisa. Sijawahi kumwona mtoto anayekariri jedwali la mara saba kwa raha. Kama peremende itamvusha hapo, mpe peremende. Siku atakapoweza kugawanya bila kuhesabu vidole ataanza kuonja utamu wa hesabu yenyewe, na peremende hutaikumbuka wewe wala yeye.

Hata kwa vitabu kuna ushahidi wa upande wa pili, na si haki kuuficha. Mchumi Roland Fryer alisimamia mpango jijini Dallas, Marekani, ambapo watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake kwenye kompyuta. Waliofanya mtihani kwa Kiingereza walipanda katika ufahamu. Tofauti na mfano wa Asha ni kwamba pale palikuwa na maswali ya kujibu. Sharti lilidai mtoto aelewe, si kumaliza tu.

Kwa hiyo kabla ya kuahidi, jiuliza kwanza: mtoto huyu, kwa kazi hii, ana hamu au hana? Katika darasa moja wapo wa aina zote mbili, na hilo ndilo tatizo la kutangaza paredi. Tangazo linamsaidia kidogo aliyekuwa hasomi na linamwibia aliyekuwa anasoma.

Na kumsifu je?

Msifu, lakini sikiliza unachokisema. Ryan alionyesha mwaka 1982 kwamba sifa yenye harufu ya amri, ya aina ya "vizuri, umefanya kama ulivyotakiwa", haina faida ya sifa inayompa mtu habari tu za kazi yake. Naye mwanasaikolojia Carol Dweck, pamoja na Claudia Mueller, walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa akili zao walivunjika moyo haraka walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa bidii yao.

Mimi nasema vitu vidogo vya kweli. "Sauti ya sungura uliibadilisha pale alipoogopa, nimeisikia." Mtoto anajua nilikuwa nasikiliza. "Wewe ni namba moja" sisemi, kwa kuwa kesho atakuwa namba nne na sitajua la kumwambia.

Wazazi wa Kiafrika tunawachagulia watoto. Haya mambo ya "uhuru wa kuchagua" yanatuhusu?

Swali halali. Tafiti nilizozitaja nyingi ni za Marekani, na ile ya chekechea ilifanyika katika shule ya chuo kikuu kimojawapo tajiri. Si vizuri kuzibeba zilivyo hadi Busia.

Sheena Iyengar na Lepper waliligusa jambo hili mwaka 1999. Waliwapa watoto wa miaka 7 hadi 9 mafumbo ya herufi. Baadhi walichagua wenyewe, baadhi walichaguliwa fumbo na mtafiti, wengine waliambiwa kwamba mama zao ndio waliowachagulia. Watoto wa Wamarekani weupe walifanya vizuri zaidi walipochagua wenyewe. Watoto wa Wamarekani wenye asili ya Asia walifanya vizuri zaidi walipoamini mama amechagua, na wote hawakupenda kuchaguliwa fumbo na mgeni.

Sisi si Waasia, lakini najua nyumba nyingi hapa ambazo "mama amesema" si minyororo. Mtoto anayemwamini mama yake analichukua chaguo la mama kama lake. Kinachoshindwa ni chaguo la mtu baki lililokuja na kalamu mkononi.

Nimemwahidi baiskeli akipata aggregate 4 kwenye PLE. Nimekosea?

Ahadi ni deni, usiivunje. PLE ni mtihani, na mtoto wa P.7 hausomei kwa raha hata bila baiskeli yako, kwa hiyo humnyang'anyi kikubwa. Wasiwasi wangu ni mwingine: aggregate 4 maana yake ni alama ya juu kabisa katika masomo yote manne, na mtoto anaweza kujitahidi kwa uwezo wake wote akaishia 7, ambayo bado ni daraja la kwanza. Hapo atakosa baiskeli kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwake. Ukiweza, mpe baiskeli mitihani ikiisha, kabla matokeo hayajatoka.

Nimeshazoea kumlipa mwanangu kwa kila ukurasa. Nitaachaje?

Nimepita njia hiyo. Binti yangu mkubwa nilimlipa shilingi 200 kwa ukurasa wa Kiswahili, mimi mwalimu wa Kiswahili, na nilijiona mjanja mpaka nilipogundua kwamba anaanza kusoma na pesa mkononi, kama kondakta wa matatu.

Kosa nililofanya kwanza ni kupunguza bei. Nilishuka hadi 100, tukaanza kubishana, na ubishi wa bei unazidi kuthibitisha kwamba hii ni kazi ya kulipwa. Kilichosaidia ni kukomesha mara moja kwa maneno ya wazi: "Mwanangu, nilikosea kukulipa kwa kitu kizuri. Nilichokuahidi mpaka leo hiki hapa, nakulipa chote. Kuanzia kesho hakuna malipo, na si lazima usome." Hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu kuitamka.

Wiki tatu hakusoma chochote. Kitarajie kipindi hicho, usikijaze na zawadi nyingine, maana ukimpa simu achezee ili asome umerudi pale pale. Kila jioni nilisoma mimi kwa sauti, dakika kumi, kwa ajili ya mdogo wake. Nilikuwa nakatiza pabaya makusudi na kukiacha kitabu mezani. Usiku mmoja nilikuta taa ya sola imechukuliwa na kitabu hakipo.

Mwalimu wetu anataka kuweka karatasi ya nyota ukutani. Nimwambie nini?

Usimwendee na tafiti, ataona unamfundisha kazi. Mwombe tu afute idadi. Badala ya jina na nyota, kila mtoto aliyesoma kitabu aandike sentensi moja kuhusu hadithi na kuibandika ukutani, nzuri au mbaya, hata "sikukipenda, kinachosha". Ukuta utajaa vile vile na mkaguzi atafurahi. Tofauti ni kwamba mwingine atakaposoma "fisi alidanganywa na kobe lakini mimi ningemtambua", atataka kukitafuta kitabu hicho, na kukirudia kunaruhusiwa.

Je, uji wa shuleni nao ni zawadi inayoharibu hamu?

Hapana, na naomba hoja hii isitumike kukwepa mchango wa uji. Mtoto mwenye njaa hasomi. Uji unatolewa kwa kila aliyekuja, asome asisome, na kwa kuwa haujafungwa kwenye kazi yoyote hauna cha kubadili ndani yake. Ungekuwa na madhara siku ambayo mtu angesema: asiyemaliza kitabu hapati kikombe.